Punguzo la Baba

Baba alikuwa hodari wa kuomba punguzo, na mtaa mzima ulijua, kwa sababu aliutangazia mwenyewe. Akirudi na mkokoteni wa bidhaa kutoka duka la jumla, aliinua risiti juu kama cheti cha shule. "Elfu mbili!" alisema. "Nimemng'oa elfu mbili!"

Nilijua ugonjwa ule ulianzia wapi. Nilipokuwa mdogo, enzi za Ujamaa, duka letu hapa Tabora lilikuwa na rafu nyingi kuliko bidhaa. Sabuni ilikuja kwa mgao na bei ilipangwa na serikali. Hakukuwa na cha kubishania. Biashara ilipofunguliwa, baba alibishana kama mtu anayelipiza miaka yote ile.

Muuzaji wa jumla alikuwa mzee wa Kiarabu, rafiki yake tangu siku hizo za mgao. Hawakuachana kamwe bila kelele, na chini ya risiti daima kulikuwa na maneno "Punguzo 2,000".

Mimi nilirudi nyumbani na kompyuta iliyotumika, nikitaka kujua ni bidhaa gani zinatulipa na zipi zinakaa tu kula vumbi. Baba alikuwa amezishona risiti zote kwa sindano ya magunia, kila mwaka kitabu chake. Nikaanza kuziingiza: tarehe, bidhaa, idadi, bei ya katoni moja, jumla iliyoandikwa. Kisha, kwa uvivu wangu tu, niliongeza safu ya kompyuta kuzidisha idadi kwa bei, na nyingine ya kutoa tofauti. Nilitegemea sifuri tupu.

Sabuni, katoni saba kwa 8,400. Mashine ilisema 58,800. Risiti ilisema 61,300.

Nikadhani nimekosea kuandika. Nikarudia. Risiti iliyofuata ilikuwa sahihi, iliyofuata tena ina kosa: 2,500 zaidi. Nikasema basi, anayeandika risiti ni mbovu wa hesabu. Lakini mtu mbovu wa hesabu hukosea huku na huku, mara amdhulumu mteja, mara ajidhulumu mwenyewe. Huyu hakuwahi kukosea kwa faida yetu. Tena hakukosea kwenye katoni kumi, ambapo hata mtoto angeona. Alikosea kwenye saba, tisa, kumi na tatu, na daima katikati ya orodha. Baba alijumlisha safu ya mwisho kwa kidole, akaikuta sawa, akaridhika. Kuzidisha kwa kila mstari hakuwahi kukagua.

Na zile risiti zilizo sahihi? Nikazitenga zenyewe. Zote hazikuwa na punguzo chini: zilikuwa za siku ambazo mama ndiye alikwenda kununua. Mama haombi punguzo. Hulipa na kuondoka, ana chungu jikoni.

Nilicheka mpaka nikalia, halafu nikaacha kucheka. Baba alikuwa anapunguziwa elfu mbili kutoka kwenye elfu mbili na mia tano zake mwenyewe. Zile mia tano hazikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba ningemvunja moyo mzee wangu kwa jambo alilojivunia kuliko yote.

Nikamwonyesha hata hivyo. Alisoma skrini polepole, akachukua kalamu, akazidisha mwenyewe nyuma ya karatasi ya sukari. Akavaa kofia. "Twende."

"Shikamoo," nilimwamkia mzee wa duka la jumla.

"Marahaba, mwanangu."

Baba aliweka risiti mezani. Yule mzee aliitazama, akamtazama rafiki yake, akashusha pumzi.

"Ndugu yangu, wewe huondoki bila punguzo. Na mimi faida yangu kwenye katoni ni kidogo mno. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia hapana."

"Nilikuambia hapana mara moja. Ukaninunia mwezi mzima!"

Baba aligonga risiti kwa kidole. "Na zile mia tano za ziada?"

Mzee akajikuna shingo. "Hizo... za wino."

Niliogopa kwamba urafiki umekwisha. Badala yake wakaangua kicheko wote wawili. Tukakaa na chai, nikawasomea tofauti, risiti moja baada ya nyingine. Mia tano zote zikarudi kwetu kwa njia ya magunia ya sukari, na mwenye duka akaniandikia risiti yake.

Wiki mbili baba alinunua kimyakimya. Hesabu zilikuwa sahihi kabisa, naye alikuwa mnyonge kabisa. Mtaani hakuna aliyeonyeshwa risiti. Nilianza kuichukia kompyuta yangu.

Wiki ya tatu alichelewa kurudi hadi mama akaanza kuuliza. Aliingia sauti imemkauka, akaniwekea risiti mbele. "Ingiza," akasema, akasimama nyuma yangu. Nikaingiza. Safu ya tofauti ikatoka sifuri mstari kwa mstari, mpaka chini kabisa: Punguzo 300.

"Mia tatu tu, baba?"

"Za kweli," alisema, na tayari alikuwa mlangoni, akiwaita majirani.