Ya Kutolea Iko Palepale

Nina kibanda cha uwakala wa fedha za simu hapa Korogwe, karibu na stendi, na kipindi kile kiburi changu kilikuwa kikubwa kuliko kibanda chenyewe. Kampuni ilipunguza ada ya kutuma, ofisa wao akaniletea masharti kwenye karatasi yenye herufi za kusomwa na sisimizi. Nikasoma nusu. Nikajipiga picha nimekenua, nikaiweka WhatsApp na maneno haya: "MAKATO YAMESHUKA! Njoo uweke, utume kwa raha." Uongo haukuwepo. Ila ukweli mwingi niliuacha kwenye karatasi.

Kwetu humtumii mtu hela bila kuongeza ya kutolea, yaani ile atakayokatwa akienda kuchukua taslimu. Ukiisahau utasemwa mpaka siku ya harusi yako. Mdogo wangu, anayefanya kazi kiwanda cha mkonge Ngombezi, aliiona picha, akamtumia mama yetu kule Misima hela ya mfuko wa mbegu za mahindi, kamili, bila ya kutolea. Si makato yameshuka? Dada kasema.

Ilikuwa siku ya gulio, na mvua za kwanza zilishanyesha. Wakala wa kule akamwambia mama kuwa kiasi kile hakitoki chote. Mama akanipigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeandika nini huko kwenye simu yako?"

Nikamweleza kuwa kilichoshuka ni cha kutuma tu.

"Kwani mimi natuma? Mimi natoa!"

Nikamtumia ya kutolea haraka, na ya soda juu. Alipopata taslimu, muuza mbegu alikuwa ameshapakia mizigo na kuondoka. Mpaka gulio la wiki inayofuata. Niliona aibu, na aibu yenyewe nikaimalizia kwa mdogo wangu kwa kumtukana.

Kisha nikalifuta lile tangazo, nikaandika upya:

"Ada ya KUTUMA imepungua mpaka mwisho wa mwezi. Ni kwa mtandao huuhuu tu, ukituma mwenyewe kwa simu yako. Mtandao mwingine na benki, bei ya zamani. KUTOA hakujashuka hata shilingi: ongeza ya kutolea. Soma makato kabla ya kuweka namba ya siri."

"Dada, hili tangazo au katiba?" mdogo wangu akauliza, yeye aliyeshindwa kuuliza kuhusu lile fupi.

Nilimsomea mama kwa simu, akasema hilo hata yeye kalielewa.

Mwezi uliofuata nilikwenda Misima. Mahindi ya jirani yalikuwa yanafika magotini. Ya mama ndiyo kwanza yamepita vifundo vya miguu. Hakunigombeza. Alinitembeza mpaka kwenye mpaka wa mashamba, akanyoosha jembe.

"Kuanzia hapa," akasema, "ni tangazo lako."