Shahidi wa Dalali

Mimi nikimwona dalali wa nyumba hata kwa mbali, damu inanichemka, na sioni haya kusema. Wifi yangu hakuwa hivyo. Wifi yangu alikuwa na dalali wake, na alimsifu mpaka nikamwambia siku moja kwamba hata marehemu kaka yangu, mumewe wa ndoa, hakuwahi kusifiwa namna ile.

Wifi ni fundi wa kushona. Mguu wake wa kushoto hauna nguvu tangu utotoni, kwa hiyo cherehani yake ni ya kuzungusha kwa mkono, na nyumba yake lazima iwe ya chini, isiyo na ngazi, yenye baraza inayotazama njia. Mtu mwenye zipu iliyokatika hatafuti fundi mtaa mzima. Anapita, anaona cherehani, anasimama. Ukimpeleka wifi uani au ghorofani umemfunga mikono, na mikono ndiyo iliyosomesha wanawe hadi wakaondoka zao.

Nyumba ya namna hiyo alitafutiwa na Funguo. Ndivyo tulivyomwita, kwa ule mzigo wa funguo uliokuwa ukining'inia kiunoni, unamsikia kabla hujamwona. Nilifuatana nao siku ya kwenda kuona, nikiwa nimekunja uso tayari kwa ugomvi. Ugomvi sikuupata. Funguo alisema mwenyewe kabla ya kuulizwa kwamba choo ni cha kuchangia, jirani ana jenereta la kelele, na dari ya jikoni inavuja upande mmoja. Ada ya kuonyeshwa aliichukua mara moja tu, ingawa nyumba ya kwanza tuliikuta imeshachukuliwa na ikabidi atupeleke kwingine. Udalali wake ulikuwa kodi ya mwezi mmoja, aliutaja mapema, akaandika risiti. Na baada ya wifi kuhamia, pale ambapo madalali wengine wanakusahau kama hukuzaliwa, yeye alirudi na fundi wa dari, tena akawa anapita mara kwa mara kuuliza kama kuna tatizo. Nilitafuta kasoro nikaikosa, na kutafuta kasoro ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote.

Basi akamwomba wifi jambo dogo. Wateja wapya, alisema, wana wasiwasi, wameumizwa na matapeli. Je, akiwa na mteja anaweza kumpigia simu, wifi aseme tu jinsi alivyohudumiwa? Wifi akasema, kwani hilo nalo la kuombwa?

Tangu hapo simu ikawa haikai. Funguo anapiga, anaweka sauti ya nje ili mteja asikie, na wifi, mguu mmoja kitini, pini mdomoni, anaanza. Nyumba niliambiwa ilivyo, nikaikuta ilivyo. Ada moja, hakunizungusha. Dari ilirekebishwa. Alikuwa anaifurahia kazi ile, nisimsingizie. Mjane mwenye mguu mbovu, ni nani mwingine anayempigia simu kumuuliza maoni yake? Hata watu wakawa wanakuja wenyewe barazani kumuuliza, kabla hawajatoa hata senti kwa Funguo.

Mmoja wao alikuwa mwoka mikate. Kijana mpole, unga umemganda kwenye nyusi, ana mama yake aliyepooza nusu ya mwili. Alisimama pale barazani akaeleza kwamba Funguo amempeleka kuona nyumba upande wa bondeni, ina vyumba viwili, imepakwa rangi mpya, kodi ina nafuu. Yeye anatoka kwenda kwenye tanuri alfajiri, na mama anabaki kitandani peke yake mpaka jirani aje kumwosha. "Mama yangu hawezi kuinuka," alisema. "Nataka kujua kitu kimoja tu. Ile nyumba ni kavu?"

Wifi hakusita hata kidogo. "Mwanangu, huyo dalali namjua. Akisema kavu, ni kavu."

Nilikuwepo, nikiwa nachambua vifungo. Mwoka mikate alishukuru kwa mikono miwili akaenda kulipa.

Mvua kubwa ikaja. Mto wa bondeni ulijaa alfajiri moja, ukaingia ile nyumba mpaka usawa wa kiuno. Jirani alimkuta yule mama godoro limeelea kisha likazama upande mmoja, maji yamemfika kidevuni, amejishika kwenye dirisha kwa ule mkono mmoja wenye uzima. Hakufa siku hiyo. Alikufa hospitali, kwa kifua, baada ya kukohoa kwa muda.

Tulisikia msiba kwa watu. Wifi alitaka kwenda kuhani, akavaa, akakaa tena, akasema mguu unamuuma. Nilijua haukuwa mguu.

Aliyekuja ni mwoka mikate mwenyewe. Nilisimama mlangoni kwa sababu nilifikiri amekuja kwa shari. Hakuwa na shari yoyote, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo. Alikaa kwenye benchi la wateja, akaeleza taratibu kwamba alipobandua ile rangi mpya, chini yake alikuta alama ya maji ya miaka iliyopita, mstari wa kahawia ukutani, chumba hadi chumba. Majirani wakamwambia wapangaji waliotangulia walihama kwa mafuriko, na Funguo ndiye aliyewatafutia pa kwenda. Halafu akamuuliza wifi swali ambalo mpaka leo linanichoma. "Mama, wewe ulipoiona ile nyumba, ulisimama chumba gani?"

Wifi hakuwahi kuiona. Ilibidi aseme hivyo. Alisema kwa sauti ya chini mpaka akatakiwa kurudia.

Mwoka mikate akatikisa kichwa, kama mtu aliyejua tayari. Akasema amempigia Funguo tangu siku ya maji, hapokei. Wifi akasema haiwezekani, Funguo anapokea simu sikuzote. Yule kijana akatoa simu yake akapiga mbele yetu. Ikaita ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, hivyo hivyo. Wifi akachukua ya kwake. Haikumaliza hata mlio wa kwanza.

"Dada yangu!" Sauti ya Funguo ilijaa baraza nzima. "Vipi, ile dari inakusumbua tena? Nimlete fundi leo leo?"

 Wifi alikata simu, akaiweka juu ya cherehani, akaigeuza uso chini. Mwoka mikate aliinuka akaaga kwa adabu zake zote. Wifi alilia baada ya yeye kuondoka.

Funguo alikuja kesho yake, funguo zake zikilia. Wifi alimuuliza wazi kama alijua kuhusu mafuriko. Hakukana. Alisema mwenye nyumba ndiye aliyeamua kupaka rangi, mvua kama ile haiji kila mwaka, na mteja alitaka kodi ya chini. Kwenye kodi ya chini kuna bonde. Aliongea bila hasira, macho makavu.

"Nikuulize, dada. Nyumba niliyokupa wewe nilikudanganya?"

"Hapana."

"Nilikutoza ada mbili?"

"Hapana."

"Nilikutupa baada ya kulipa? Basi. Sijawahi kukuomba useme uongo. Wewe sema ya kwako tu."

Kisha akaangalia baraza, akaangalia njia na watu wanaopita, akasema mkataba wa wifi unaisha mwisho wa mwezi. Mwenye nyumba anaishi mbali, na kila jambo linapitia kwake yeye Funguo, kama tunavyojua. Kuna mwenye duka la vocha anayeitamani sana hiyo baraza. Lakini asiwe na wasiwasi, dada yake ni dada yake. Nilitamani nimwage ndoo ya maji ya kufulia juu ya kile kichwa. Wifi alinishika mkono chini ya meza.

Alipoondoka nilimwambia wifi asiwe mjinga. Ndiyo, mimi mwenye mdomo wote huu, nilimwambia anyamaze, aseme ya kwake tu, asaini mkataba, halafu tuone. Mama wa watu ameshazikwa, nikasema.  Yeye alikuwa anashona gauni la mtu, na mshono ulikwenda upande akaufumua, akaurudia, ukaenda upande tena.

Haikupita wiki simu ikaita. Funguo alikuwa na mteja, sauti ya nje, kama kawaida. Aliongea kwa uchangamfu wake: kuna dada hapa, ana mimba yake kubwa, nimemwonyesha nyumba nzuri ya vyumba viwili, imepakwa rangi mpya, anataka tu kusikia kutoka kwako. Tukatazamana. Rangi mpya tena, vyumba viwili tena. Tulijua ni bonde gani.

Yule mwanamke akasema, "Shikamoo mama. Eti huyu dalali ni mwaminifu?"

Wifi alitoa pini mdomoni. Aliitazama baraza yake, ile njia, viatu vya watu vikipita. Aliongea polepole ili kila neno lisikike.

"Marahaba, mwanangu. Mimi alinitendea mema, sikufichi. Lakini ananitendea mema mimi ili nije nikwambie wewe. Ndiyo maana usinisikilize. Nenda kwa majirani wa hiyo nyumba, uwaulize maji yalifika wapi, na uwaulize nani alikufa."

Simu ilikatwa upande wa pili. Hatujui yule mwanamke alifanya nini. Nimewahi kuuliza bondeni, wakasema nyumba ina watu, lakini watu gani hawakujua.

Mkataba haukusainiwa tena. Mwenye duka la vocha alihamia hata sisi hatujamaliza kutoa vyombo. Wifi sasa yuko kwangu, chumba cha nyuma, cherehani imeelekea ukuta. Wanaomjua wanakuja, na wanaomjua ni wachache. Mwoka mikate alileta suruali mbili kushonwa pindo, akalipa, na hakukaa.

Wiki iliyopita tulikwenda kutafuta nyumba nyingine, maana hakuna njia, bila dalali hata kibanda hupati. Huyu ni kijana, ana viatu safi na kauli tamu. Alituonyesha chumba cha chini chenye kibaraza, kuta zimepakwa rangi inanuka bado. Wifi aliuliza kuhusu maji. Kijana akacheka, akasema asimwamini yeye, amwamini mteja wake wa zamani. Akapiga simu, akaweka sauti ya nje, akampa.

Ilikuwa sauti ya mwanamke wa makamo, ina furaha ya kuulizwa. Alisema kijana huyu alimhudumia vizuri sana, ada moja, bomba lilipovunjika alirudi mwenyewe. Wifi akamuuliza kama chumba hiki chenyewe amewahi kukiona.

"Hapana, dada," ile sauti ikasema. "Lakini huyo namjua. Akisema kizuri, ni kizuri."

Wifi alimshukuru, akarudisha simu. Alimwomba kijana atulete tena siku ya mvua. Kijana akasema siku za mvua huwa haonyeshi nyumba.