Wazee Bure

Mtaa mzima ulimwita Fundi Maneno, na jina hilo hakulikataa hata siku moja. Alikodi meza katika duka la fotokopi, kati ya mashine na dirisha, na kazi yake ilikuwa kufasiri: vyeti vya kuzaliwa, mikataba ya nyumba, maelekezo ya sumu ya panya. Kazi kavu. Cheti cha kuzaliwa hakina pa kupamba. Mtoto kazaliwa, basi kazaliwa. Mtu mwenye ulimi wa asali akishinda mwaka mzima anafasiri sumu ya panya, ujue asali ile inachacha tumboni.

Ndiyo maana siku meneja wa ofisi ya utalii alipoingia dukani na kipeperushi cha Kiingereza cha mapango ya kilimani, Fundi Maneno alikipokea kama bwana harusi anavyopokea bibi harusi.

"Nataka wenyeji nao waje," meneja alisema. "Kiwavute. Lakini saa, bei na njia viwe sawasawa. Vipo vingine vitano, makumbusho, mnara, bustani na kadhalika. Hiki kikitoka vizuri, vyote vyako. Malalamiko yakinirudia, mimi na wewe hatujuani."

Vipeperushi vitano! Kodi ya meza mwaka mzima, na panya waendelee kufa kwa lugha watakayo.

Saa aligeuza bila kosa. Saa tisa ya Kiingereza akaiandika saa tatu asubuhi, saa nne ya alasiri akaifanya saa kumi jioni. Hapo alijipongeza, maana wapo wafasiri waliowahi kuwapeleka watu mahali mchana wakati palifunguliwa asubuhi. Shida ilikuwa nafasi. Kila habari ilikuwa na kisanduku chake kwenye karatasi, na Kiswahili ni kama mgeni mwenye mabegi mengi: ukimpa chumba cha Kiingereza, miguu itatokea mlangoni. Lazima kitu kitupwe nje.

Mfasiri mwenye akili timamu angetupa mapambo. Fundi wetu alitupa mizigo ya watu. Kiingereza kilisema wenye miaka sitini na zaidi huingia bure siku ya Alhamisi, yeye akaandika, "Wazee bure, watoto nusu bei, nyuso zote tabasamu." Alhamisi ilikuwa inavunja mdundo. Kilisema mwisho wa kuingia ni saa tisa alasiri, saa moja kabla ya kufunga. Hiyo akaiacha nje, ina harufu ya polisi. Kilisema ni dakika arobaini za kupanda kutoka kituo cha basi; akaandika, "hatua chache za kunyoosha miguu." Nafasi iliyobaki akaijaza miamba iliyochongwa na karne, ambako ukimya huzungumza.

Meneja alisoma aya ya kwanza, akaguna kwa raha, akasema Jumanne kinakwenda kwa mchapaji.

Nyumbani kulikuwa na msomaji mwingine. Mama mkwe alikuja kwa wiki mbili, miezi mitatu iliyopita, na kila kazi ya mkwe wake aliisoma kwa sauti, miwani ikiwa puani. Alisoma rasimu mara mbili, akaikunja, akaitia mkobani.

"Mwanangu, Jumamosi utanipeleka."

"Mama, goti lako?"

"Hatua chache zitanishinda?"

Kukataa ni kukiri. Akajipa moyo kwamba huenda kilima kimepungua.

Kilikuwa hakijapungua. Walishuka kituoni saa nane kasoro dakika tano. Goti la mama mkwe liliomba kupumzika kwenye benchi la kwanza, likaomba la pili, na kwenye la tatu halikuomba, liliamuru.

"Hizi hatua chache," mama mkwe aliuliza akihema, "alizipima twiga?"

Fundi Maneno alicheka peke yake.

Walifika getini saa tisa na dakika kumi. Mkata tiketi alikuwa keshafunga kidirisha.

"Shikamoo mama. Poleni. Mwisho wa kuingia ni saa tisa."

"Marahaba. Hapa pameandikwa saa kumi." Mama mkwe akatoa karatasi. "Na mimi ni mzee, naingia bure."

"Bure ni Alhamisi, mama. Leo Jumamosi."

"Hapa hakuna Alhamisi. Soma mwenyewe."

Mkata tiketi alisoma, akakuna kichwa. "Hii imeandikwa na mtu asiyejua."

Hapo mama mkwe akajinyoosha, goti na vyote. "Aliyeiandika ni huyu hapa, mume wa binti yangu. Kasoma, na haandiki uongo. Waongo ni nyinyi, mnabadilisha saa mtakavyo ili muwahi kwenda nyumbani."

Fundi Maneno alitamani mojawapo ya yale mapango limsogelee. Mkata tiketi hakubishana. Alinyoosha kidole kwenye ubao mkubwa ukutani: saa, Alhamisi, mwisho wa kuingia, vyote kwa Kiswahili. Mama mkwe akavaa miwani akasoma polepole, mstari kwa mstari. Kisha akamgeukia mkwewe.

"Kwenye Kiingereza haya yalikuwamo?"

"Yalikuwamo, mama."

"Na kilima?"

"Nacho kilikuwamo. Kilikosa nafasi."

"Kilima kizima kikakosa nafasi," alisema mama mkwe, akaanza kushuka.

Jumapili Fundi Maneno alikesha mchana, kama kuna kitu kama hicho. Jumatatu asubuhi akaenda mwenyewe ofisini kwa meneja, rasimu mpya mkononi, miguu ikimwambia arudi. Karatasi ile meneja alikuwa keshaipenda. Angekaa kimya nani angejua? Lakini tayari alikuwapo mama mmoja aliyejua.

Meneja akasoma. "Mbona pamepoa? Ukimya wangu unaozungumza uko wapi?"

"Umeipisha Alhamisi." Akamweleza yote, wazee bure, saa tisa, kilima. Meneja alisikiliza mdomo wazi, kisha akairudia karatasi kwa sauti: "'Kupanda kutoka kituo cha basi ni dakika arobaini. Panda taratibu, njiani kuna mabenchi matatu, na kila moja linakupa mji kutoka juu zaidi. Fika kabla ya saa tisa alasiri, mlango hausubiri. Wenye miaka sitini na zaidi, Alhamisi ni yenu, bure.'" Akainua macho. "Mabenchi kwenye Kiingereza hayamo."

"Ndiyo maana nimeyawekea alama pembeni. Ukiyakataa nayatoa. Lakini yapo."

"Umejuaje?"

"Mama mkwe kayakalia yote."

Meneja aliweka karatasi mezani. "Mtu akisoma hivi atapanda?"

"Atapanda, na akifika juu hatakutukana."

Meneja akachukua kalamu, akayaacha mabenchi, akatia sahihi. Kisha akasukuma bahasha nene mezani. "Vingine vitano. Kwa sharti moja. Kila pahali, huyo mama aende kwanza na rasimu yako mkononi. Nauli yake naitoa mimi."

Fundi Maneno alirudi nyumbani ameshinda, na hajawahi mshindi kutembea polepole vile. Mama mkwe alikuwa sebuleni na barafu gotini. Akasikiliza habari yote bila kucheka, ingawa binti yake jikoni alikuwa hoi kwa kicheko.

"Tunaanza na kipi?" mama mkwe aliuliza.

"Mnara, mama."

"Una ngazi ngapi?"

"Kipeperushi kinasema 'kadhaa'."

Mama mkwe aliondoa barafu, akavuta viatu vyake kutoka chini ya kiti. "Basi chukua kalamu, baba. Wewe utahesabu, mimi nitapanda."