Mpunga Uliosemwa Umehama

Mwaka ule Warundi walipovuka mpaka kwa wingi, Veneranda wa kijiji cha Kidahwe alimpa mmoja wao kipande cha bonde lake la mpunga. Mgeni huyo, Melania, alikuja na mbegu zilizofungwa kwenye pindo la kitenge, kiasi cha konzi chache. Alizipanda mbali mbali. Kila shina alilipa jina la ndugu aliyebaki nyuma bila kaburi, na kila alfajiri aliyapitia mashina hayo akiyagusa na kuyasalimu kwa sauti ya chini.

Veneranda aliona haya kwa niaba yake. Yeye, mjane aliyelea watoto kwa jembe, alikuwa na miche tele na aliisukuma topeni ikabanana. Kwao shamba lenye mwanya ni shamba la mvivu.

Mpunga ulipoanza kuinama, alikata suke lake moja akalisugua kiganjani. Lilikuwa fupi, na alipolipuliza, mapepe, yale maganda yasiyo na punje, yakaruka hadi usoni. Akavuka tuta hadi kwa Melania. Kila shina lilikuwa limetoa machipukizi na kujaa kama kichanja cha kuni, na masuke marefu yaliinama kwa uzito. Hapakuwa na upepo, lakini mpunga wa Veneranda mwenyewe ulikuwa ukichakarika, mkavu, mwepesi. Mwili ulimsisimka.

Jirani yake Pastory alikuwa amesimama nyuma yake. Hakumsikia akija.

"Mama Anatoli, punje zako zimehama," alimwambia Veneranda. "Unadhani anawasalimu akina nani kila asubuhi? Sema neno moja tu, wewe mwenye shamba. Kesho hayupo."

Veneranda alijua maana yake. Mwaka uliopita mzee mmoja alifukuzwa kwa shutuma hiyo hiyo, ya kuvuta mavuno ya watu, na nyumba yake ikabaki majivu. Melania alikuwa na mtoto mgongoni na hakuwa na pengine pa kwenda. Lakini mapepe hayo je? Aliogopa, tusimsingizie ushujaa.

"Niache nivune kwanza," akasema.

Akaingia ndani ya mpunga wake. Katikati palikuwa na njia waliyoikanyaga wakimbizi walipokuwa wakipita, miche ikiwa bado michanga. Alikuwa amewalaani sana siku ile. Sasa mashina ya kando ya njia yalikuwa mapana, masuke yake marefu, sawasawa na ya Melania. Palikuwa na mwanya, yakautumia. Mchawi gani angevuta punje za shamba zima akauacha ukingo wa njia tu?

Mbele zaidi palikuwa na upara ambapo mbuzi waliingia masuke yakiwa yameshatoka. Pale hapakuzibwa. Mashina ya jirani yalikuwa na masuke yale yale, labda punje zimenenepa kidogo tu.

Melania alikuwa amemfuata. Aliutazama upara ule kwa muda mrefu.

"Hawa wamechelewa kukatwa, mama," alisema. "Ukikatwa mdogo, wenzako wanachipua, wanajaza. Suke likishatoka, aliyebaki anaongeza uzito kidogo, basi. Sisi tulikatwa tukiwa na masuke."

Veneranda alitazama tena mashina ya kando ya njia, kisha yale ya kando ya upara.

Siku ya kuvuna aliita majirani. Kwa kamba moja alipima mraba katikati ya shamba lake, na mwingine katikati ya shamba la Melania. Rundo la masuke yake lilikuwa kubwa hata watu wakanong'ona. Wakapura, wakapepeta, mapepe yakaenda na upepo. Debe moja likatiwa mpunga wa huyu, jingine wa yule, na yote mawili yakafika karibu na ukingo.

"Mimi nina masuke mengi yenye punje chache," Veneranda alisema. "Yeye ana machache yenye punje nyingi. Hata ukubwa wa punje zenyewe haupishani sana. Na ghala langu litajaa kama mwaka jana. Sasa niambieni, kilichohama ni nini?"

Pastory alilitazama debe la Melania kana kwamba lina nyoka ndani.

"Hesabu nimeiona," akasema mwishowe. "Lakini mpunga wake nani ataula?"

Hapo Veneranda akajua kwamba hajamwokoa mtu. Akachukua mpunga wa Melania, akautwanga, akaupika mbele yao wakisubiri. Sinia lilipowekwa mkekani, mvuke wake ulipanda wima, na mtoto wa Melania akaacha kulia ghafla, akautazama. Veneranda alinawa, akamega tonge. Kichwa chake kilikuwa kimeshaelewa, tumbo lake bado.

Akala. Akamega tena, akala.

Melania aliketi ng'ambo ya sinia, hakugusa kitu, akisubiri kama watu wote kuona kama mwenyeji wake ataanguka. Alipoona haanguki, akajisogeza, akanyoosha mkono. Nyuma yao, Pastory aliomba maji ya kunawa.