Rehani ya Baba

Mwana wa shangazi yangu alipata bursari ya serikali, mimi nikapata mkopo. Tulikuwa tumemaliza shule pamoja na kulala chumba kimoja, katika kambi ya wafanyakazi wa reli hapa Kindu. Jioni ile watu walimletea yeye kuku na mafuta ya mawese. Mimi waliniuliza kama nimeshapata kazi bandarini.

Niliwahesabu kuku wake. Sikula hata mmoja.

Kesho yake baba, fundi wa vichwa vya treni, alitupeleka wote wawili kwa karani wa kampuni ya reli aliyejua masharti. Bursari ililipa masomo, chakula, kitanda na safari. Hairudishwi. Lakini serikali ndiyo iliyochagua somo, na ilimchagulia utawala. Akirudia mwaka, inakatwa. Akimaliza, atatumikia miaka sawa na ile aliyolipiwa, popote atakapotumwa, iwe Obokote porini. Akiondoka mapema, anarudisha yote.

Mkopo ulitoka mfuko wa kampuni. Somo ningechagua mwenyewe. Ningeanza kulipa nikipata kazi, kidogo kidogo kutoka mshahara, pamoja na riba. Nikishindwa mtihani, deni linabaki. Nisipolipa, wanakata mshahara wa baba, maana yeye ndiye mdhamini. Bila sahihi yake, siendi.

Shangazi alitusubiri mlangoni. Zamani, katika nchi yetu, mtu mwenye deni aliweza kumtoa ndugu yake akae rehani kwa tajiri mpaka deni liishe. Watu walikuwa hawajasahau.

"Kaka, utajiweka rehani juu ya mutoto?" alisema kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu. "Wangu anaenda bure."

Baba akavua kofia, akaketi.

"Bure njo nini, dada? Wako wamemununua. Wangu niko namukomboa mwenyewe."

Akasaini kesho yake.

Mimi na mwana wa shangazi tulipanda meli moja kuteremka mto Lualaba, kwenda chuo kikuu kimoja. Sanduku lake lilikuwa jipya, la chuma, na jina lake limeandikwa kwa rangi nyeupe. Langu lilikuwa la mbao za kreti. Nilikuwa nimelitazama lile la chuma tangu bandarini, na nililitazama mpaka Kindu ikapotea.

"Utasoma nini?" akaniuliza.

Nilijua alichotaka yeye. Tangu darasa la kwanza la sekondari alisema udaktari, na mwalimu akampa kitabu cha mifupa akalala nacho.

"Udaktari," nikasema polepole.

Akacheka vibaya.

"Miaka saba! Utalipa mpaka nywele ikuwe nyeupe, ndugu. Na ukishindwa, baba yako njo atalipa."

"Atalipa," nikasema.

Akageuka kutazama maji. Kisha akaniomba, bila kunitazama, nimwazime kitabu cha kwanza nitakachopewa cha mwili wa binadamu, siku za Jumapili tu.

Nikamwambia nitaona.