Mtoto wa Sungura Anaitwaje?

Ipo siku moja, mjukuu wangu, ambayo hainitoki kichwani. Nilitoka sokoni nalia, mikono mitupu, kwa sababu ya mtoto wa sungura.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimetoka kwetu magharibi kuja mjini nikiwa bibi harusi wa juzi tu. Mume wangu alikuwa mpishi kwa Mzungu kule Kitisuru, analala huko huko, mimi ananiona Jumapili. Alinipangia chumba River Road, katika ploti nyuma ya duka la Mhindi wa vitambaa. Kiswahili changu kilikuwa cha kuombea maji. Mchana kutwa nasikia watu wakipita nje, na hakuna hata mmoja anayenijua jina. Upweke wa kijijini nilikuwa naujua, lakini huu wa katikati ya watu ulinitesa vibaya.

Jirani yangu alikuwa Bi Zuhura, mjane wa fundi cherehani, mtu wa Lamu. Jioni alinifungulia mlango, akanipa kahawa, akanifunza kwa kuniuliza. Mtoto wa ng'ombe? Ndama. Wa kuku? Kifaranga. Wa ndege? Kinda. Wa simba? Shibli. Wa sungura? Kitungule. Kisha jina la wengi wakiwa pamoja: nyuki ni bumba, nzige ni wingu, nyota ni thurea. Nikikosea anacheka mpaka mtandio unaanguka. Hizo zilikuwa saa zangu pekee za kuongea na mtu.

Basi nikatamani kufuga kitu chumbani, kitu chenye pumzi. Nikaenda sokoni kwa mama mmoja aliyeuza sungura, nikasema kwa majivuno kwamba nataka kitungule.

"Nini hiyo?" akauliza. "Hiyo dawa? Enda kwa duka ya Mhindi."

Nikarudia. Wenzake wakaja kusikiliza, wakacheka, mmoja akaanza kuniita Mama Kitungule. Nilikuwa namwona kabisa sungura mdogo mle kwenye tenga, lakini kuonyesha kidole kulinishinda kwa aibu. Nikaondoka.

Nilimkuta Bi Zuhura anapepeta mchele. Nikamwambia, "Bibi, maneno yako imekufa. Hapana fundisha mimi tena."

Jioni ile mlango wake haukufunguliwa, wala iliyofuata. Nilikaa kwangu nikisikia kikombe chake kimoja kikigusa sahani.

Asubuhi moja akagonga. "Vaa, twende," akasema. Sokoni akanisimamisha kando, akaniambia nisinunue kitu, nisikilize tu. Nikasikia mtu akiuliza bei ya mkungu wa ndizi, mwingine akiomba akatiwe chane mbili. Mboga zinaitwa kwa vicha, nyanya kwa mafungu, kuni kwa tita, samaki kwa mtungo. Kifaranga kila mtu anakijua. Muuza maziwa kutoka Riruta alimlalamikia ndama wake asiyenyonya. Mama mmoja wa kwetu, aliyewahi kuchimba mitaro ya kuzuia nzige, alisema tunutu, watoto wa nzige, maana aliwaona kwa macho yake wakitambaa kabla ya kuota mabawa. Lakini muuza asali alisema nyuki wengi, basi. Na yule wangu wa sungura alisema mtoto ya sungura, akauza watatu tukiwa tumesimama pale pale.

"Umesikia?" Bi Zuhura akaniuliza njiani. "Wanachokishika kila siku wamekitunzia jina. Hapa nani anayeshika shibli? Na huyo wa sungura, mtoto ya sungura linamtosha kuuzia. Ukija kununua, sema kama wao, hawajakukosea."

"Sasa hiyo ingine ya nini, Bibi?"

"Mimi sikukufunza ili ukanunue, mwanangu. Tangu mume wangu afe sina wa kumwambia kitungule akanielewa. Nilikuwa namtafuta mtu."

Mwanangu, mimi nilidhani ni mimi tu niliyekuwa mpweke katika ploti ile.

Tuliendelea kuulizana mpaka mpwa wake alipokuja kumrudisha Lamu. Baada ya hapo niliishi mjini miaka mingi, nikahamia huku mtaa wa Satellite, nikazaa, nikazika. Sokoni nasema mtoto ya sungura kama kila mtu. Nanyi wajukuu naona mnayakariri maneno yale kwa ajili ya mtihani, mkishamaliza mnayatupa.

Nasaha yangu ni hii. Sema na watu lugha wanayoitumia, usimdharau anayesema mtoto ya simba. Lakini mzee akikuuliza neno ambalo huna kazi nalo, usimwambie limekufa. Huenda neno silo analolitaka. Vuta kiti, umjibu, ukikosea atacheka, na kucheka huko ni chakula chake cha siku.

Mungu akukuze, akupe nyumba yenye sauti. Na utakapofika umri wangu, ukiuliza swali jioni, asikukoseshe wa kukujibu.