Uzi, Tepu Isiyo na Kichwa na Birka la Sahro

Umma wa Kotile, pamoja na mbuzi wake wote wasiojua kusoma, unatangaziwa kwa taadhima kwamba siku ya Jumatano, saa moja na nusu asubuhi, Sayansi ya Upimaji wa Ardhi iliwasili kijijini. Ilikuja kwa bodaboda. Ilikuwa imevaa ndala, na mkononi ilibeba mfuko wa sukari wenye uzi wa katani, vigingi sita, nyundo, rula na tepu ya mita thelathini ambayo kwa kweli ilikuwa ya mita ishirini na tisa.

Sayansi hiyo ilikuwa Hesbon Musyoka, Mkamba wa Kitui, msaidizi wa mpimaji, mwaka wa kumi na moja kazini kaskazini mashariki. Mashine kubwa ya kupimia ilikuwa kwa fundi tangu mfungo wa Ramadhani. Kile kidude cha setilaiti kilikuwa kimekata roho, betri imevimba kama mandazi. Tepu nayo ilipoteza mita yake ya kwanza huko Lafey, chini ya mkokoteni wa punda wa maji. Tangu hapo Musyoka huanzia kwenye alama ya moja, kisha akiandika hutoa moja. Wakubwa zake wameahidi tepu mpya. Wameiahidi vizuri sana.

Kilichomleta kilikuwa birka, tangi la saruji lililochimbwa ardhini kwenye kiwanja cha Sahro. Sahro ni mjane anayeuza chai asubuhi na vitambaa jioni, na maji ya birka lile ndiyo chai yenyewe. Kati yake na jirani yake Ogle, mwenye ng'ombe, kuna ua wa miiba. Kila msimu Ogle huongeza matawi mapya, na kila msimu, kwa ajabu ambayo Ogle haielewi kabisa, matawi huangukia upande wa Sahro. Mwaka huu miiba ilikuwa imelikumbatia birka.

"Birka iko ndani ya ua yangu," alisema Ogle. "Ua ni yangu. Sasa hesabu ni ngumu wapi?"

"Ua wako una miguu, Ogle," Sahro akajibu. "Mwaka ujao utaingia kitandani kwangu, na wewe hujaniposa."

Kamati ya ardhi ingekaa baada ya swala ya alasiri. Ilitaka ramani. Bila ramani, au ramani ikisema vibaya, birka lingekwenda kwa Ogle.

Musyoka aliuzunguka ua mara mbili. Kisha akainama, akapenyeza mkono na kuonyesha shina bichi lenye majani.

"Hii iliwekwa na nani?"

Ogle akakiri. Miaka kumi na minne iliyopita yeye na marehemu mume wa Sahro walisimamisha nguzo tano za miti mibichi kwa mstari mnyoofu kutoka kwenye bikoni, lile jiwe la mpaka la barabarani. Nguzo ziliota mizizi. Miiba mikavu hutembea, lakini mti ulioota hautembei.

"Basi tunapima miti," Musyoka alisema. "Miiba ni takataka tu."

"Takataka!" Ogle akang'aka. "Unajua imenitoboa mara ngapi?"

Haikuwezekana kupitisha tepu katikati ya miiba kutoka mti hadi mti. Kwa hiyo Musyoka alipigilia kigingi ukingoni mwa barabara, mita sita kamili kutoka kwenye bikoni, ndani ya kiwanja cha Sahro, na kingine nyuma kabisa. Kati yavyo akavuta uzi hadi ukalia kama zeze. Huo ndio mstari wa msingi. Akaupima kwa tepu na kufunga kitambaa chekundu kila mita, masalio ya duka la Sahro. Sentimita za katikati angezisoma kwa rula.

Kushika tepu kukazua vita. Ogle hakumwamini Sahro, Sahro hakumwamini Ogle, na wote wawili hawakumwamini mtu wa ndala. Musyoka akawaajiri wote.

"Ogle, weka alama ya moja kwenye mti, usiachie. Mama Sahro, wewe vuta tepu juu ya uzi, uizungushe polepole kulia na kushoto. Namba itapungua, halafu itaanza kupanda. Nisomee ile ndogo kabisa. Hapo ndipo tepu imeukata uzi sawasawa, bila kuinama huku wala huku."

"Mti wa kwanza, sita na tisini na mbili!"

Musyoka akatoa moja, akaandika mita tano na tisini na mbili, na kando yake mahali tepu ilipogusa uzi: mita nne na ishirini.

"Mti wa pili, sita na themanini na moja!"

Ogle alikuwa ndani ya miiba hadi mabegani, akiomba msaada wa Mungu na kutaja majina ya ng'ombe wake. Kwenye mti wa tatu, ule wa jirani na birka, Musyoka alikuwa ameinama kung'oa mwiba kwenye ndala. Sahro akaita, "Tano na sabini!" Musyoka akatoa moja, akaandika nne na sabini. Wakamaliza miti, wakapima kona za birka kwa njia ileile. Mwisho, Musyoka mwenyewe akapima mshazari kutoka kwenye uzi, pale mkabala na mti wa nne, hadi mti wa tatu: mita saba na themanini na tano.

"Hiyo ya nini tena?" Ogle akauliza, damu ikimtoka kiwikoni.

"Ya kunisuta nikikosea."

Saa nane alikaa kwenye meza ya chai, akachora, sentimita moja ya karatasi kwa kila mita ya ardhi. Mti wa kwanza na wa pili ikatoka kwenye bikoni ikiwa imenyooka. Mti wa tatu ukaruka mita nzima kuingia kwa Sahro, na mstari ukaikata kona ya birka.

Ogle hakujua kusoma ramani, lakini kona aliiona. "Allahu akbar! Karatasi imesema!"

Sahro aliweka birika la chai chini.

Musyoka akaweka rula kwenye ule mshazari. Kitabu kilisema saba na themanini na tano. Karatasi ilisema saba na kumi na sita. Akafuta jasho.

"Karatasi inasema uongo. Mama, ule mti wa tatu ulisoma ngapi?"

"Tano na sabini."

"Kwenye tepu?"

"Kwenye tepu ilikuwa sita na sabini. Lakini wewe ulikuwa na mwiba, walaal, ndugu yangu. Nikakuonea huruma, nikakutolea ile moja mwenyewe. Mimi napima vitambaa, kutoa moja ni kazi?"

Huruma hiyo ilibakiza kidogo tu imnyang'anye birka.

Wakarudi wote. Ogle, huku akilia kwa sauti, akaingia tena kwenye miiba kushika alama ya moja, na safari hii Musyoka akasoma mwenyewe: sita na sabini. Akatoa moja, akachora upya. Miti mitano ikasimama kwenye mstari mmoja kama waumini msikitini, na birka likabaki kwa Sahro, ukuta wake sentimita thelathini na nne ndani ya mpaka.

Ogle aliufuata mstari kwa kidole. "Marehemu alikuwa na jicho," akasema. "Tulinyoosha hii kwa macho tu." Kisha, kwa uchungu: "Miiba nitaitoa. Lakini kesho. Leo mimi ni mgonjwa."

Sahro akamletea chai, ya kwanza tangu mwaka jana.

Baada ya alasiri kamati ilikubali ramani. Naimo, katibu, msomi wa diploma, alitaka kumbukumbu za kikao zipendeze. Akamgeukia Musyoka, kalamu juu.

"Mtaalamu, niandikie kwa ufasaha: ni kanuni gani ya kisayansi iliyoleta haki Kotile leo?"

Musyoka alikuwa akikunja uzi kwenye kiwiko.

"Andika: toa moja. Mara moja."